Ekari Sita za Ukurasa wa Nne

Mtu akisikia kwamba kosa lilipatikana kwenye daftari la ardhi la kijiji chetu, hudhani kuna aliyetumwa kulitafuta. Hakuna aliyetumwa. Mimi niliajiriwa kunakili tu. Halmashauri ya kijiji ilikuwa inajiandaa kwa zoezi la hati za hakimiliki za kimila, zile zinazotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na Mtendaji alitaka masjala ya ardhi iwe na orodha moja inayosomeka kabla wapimaji hawajafika. Nilikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kukusanyia majani ya chai, mwandiko wangu unasomeka, na nilikuwa sina kazi kwa sababu kituo kilikuwa kimefungwa kwa msimu. Ndivyo nilivyoingia masjala.

Kijiji chetu kiko Mufindi, upande wa baridi. Mwezi wa saba ukungu hauondoki mpaka saa nne, na ukiandika asubuhi vidole havikutii. Ofisi ya kijiji ni chumba kimoja cha matofali ya kuchoma, bati lake linavuja pembeni, na chini ya pale linapovuja ndipo lilipowekwa sanduku la nyaraka. Sijui ni nani alipanga hivyo. Kila karani aliyepita alilikuta hapo akaliacha hapo.

Ndani ya sanduku kulikuwa na madaftari mawili ya mashamba. La kwanza lilianza mwaka 1974. Ule ulikuwa wakati wa Operesheni Vijiji. Mwishoni mwa mwaka 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na ukomo wake ni mwaka 1976, basi watu wakaletwa kutoka kwenye mabonde yao wakapangwa kando ya barabara, na karani akaandika nani amepewa ekari ngapi. La pili ni nakala ya lile la kwanza, iliyoandikwa katikati ya miaka ya 1980 kwenye kaunta buku safi, kwa peni nyeusi, mwandiko mkubwa wa shule. Hilo la pili ndilo lililotumika miaka yote. Mtu akigombana na jirani, linafunguliwa la pili. Kijiji kikitaka kujua ardhi yake ya akiba iko wapi, kinafungua la pili. La kwanza lilikuwa limebaki chini, mchwa wamelila kona, na kurasa kadhaa zimeingia maji.

Mtendaji aliniambia ninakili kutoka la pili kwa kuwa linasomeka. Nikamwomba ninakili kutoka la kwanza, halafu la pili nilitumie kulinganisha. Hakupenda, kazi ingechukua muda zaidi, ila alikubali. Sababu yangu niliitoa kwenye mizani ya chai. Pale, kilo za mkulima huandikwa kwenye kikaratasi, zikahamia kwenye kitabu cha siku, zikahamia kwenye karatasi ya malipo. Kila zinapohama kuna nafasi ya mkono kuteleza, na aliyeko mwisho wa mnyororo hawezi kuliona kosa la mwanzo kwa sababu kwake kila kitu kimeandikwa vizuri. Nakala safi haimaanishi nakala sahihi. Tena ile chafu mara nyingi ndiyo inayoaminika, maana mwandishi wake alikuwa amesimama pale pale shambani.

Nieleze kidogo namna ninavyonakili, kwa sababu kila kilichofuata kilitoka humo. Naandika ninachokiona, si ninachokijua. Jina likiandikwa vibaya, naliandika hivyo hivyo, hata kama mwenye jina ni jirani yangu na najua linavyotamkwa. Tarakimu nisiyokuwa na uhakika nayo siibahatishi, naacha nafasi na kuweka alama ya kuuliza kwa penseli. Na jumla iliyo chini ya ukurasa nainakili kama ilivyo kabla sijajumlisha mwenyewe. Hili la mwisho ndilo watu wengi hulikosea. Mtu akinakili safu ya namba halafu akajumlisha na kuandika jumla yake mwenyewe, amekwisha kumwua shahidi pekee aliyekuwepo. Jumla ya zamani ilipigwa na mtu aliyekuwa anaziona namba zikiwa mbichi. Ukiiweka yako mahali pake, daima itakubaliana na makosa yako.

Daftari la kwanza lilikuwa na safu sita: namba ya mfululizo, jina la mkuu wa kaya, balozi wake wa nyumba kumi, idadi ya watu katika kaya, ekari, na dole gumba. Kila ukurasa ulikuwa na watu 15. Chini kulikuwa na mistari mitatu: ekari za kutoka nyuma, ekari za ukurasa huu, na jumla ya kupeleka mbele. Karani yule wa 1974 alikuwa mtu wa kazi. Sikuwahi kumwona, alifariki mimi ni mtoto, ila baada ya kukaa na mwandiko wake nilianza kumjua. Alikuwa habonyezi sana kalamu, herufi zake zinalala kulia, na akichoka, tarakimu zinakuwa ndogo kuelekea chini ya ukurasa.

Aliyenakili daftari la pili aliacha safu mbili, ile ya balozi na ile ya idadi ya watu. Simlaumu sana. Miaka kumi ilikuwa imepita, watoto wamezaliwa, wengine wameolewa, idadi ile ilionekana imepitwa na wakati. Lakini jumla za chini alizinakili zote, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Ukurasa wa nne ulikuwa na namba 46 hadi 60. Maji ya bati yalikuwa yameupitia kuanzia katikati kwenda chini. Karani alitumia wino wa bluu wa chupa, ule unaooshwa na maji, kwa hiyo mistari ya chini ilikuwa imepauka mpaka mingine imebaki kivuli. Kwenye namba 58, safu ya ekari, niliona kijiti kimoja kimesimama. Juu yake kulikuwa na doa la maji. Kinaweza kuwa 1. Kinaweza kuwa kitu kingine kilichopoteza kichwa. Nikaacha nafasi, nikaweka alama ya penseli, nikaendelea. Nilipomaliza ukurasa nikafungua daftari la pili. Namba 58: ekari 1.

Ningeweza kuandika 1 na kwenda mbele. Lakini utaratibu ni kwamba kila ukurasa ujumlishwe kabla ya kufungua unaofuata, kwa hiyo nikajumlisha safu ya ekari kama ilivyo katika daftari la pili: 4, 3, 5, 4, 2, 1, 4, 6, 3, 5, 1, 4, 1, 3, 5. Inatoka 51. Chini ya ukurasa, katika madaftari yote mawili, imeandikwa 57.

Nilijumlisha tena kutoka chini kwenda juu, kwa sababu ukirudia kwa njia ile ile unarudia na kosa lile lile. 51.

Sasa, pengo lenyewe lina habari ndani yake, na hapa ndipo nilipojifunza kuheshimu hesabu ndogo. Kama kosa ni tarakimu moja tu iliyosomwa vibaya, basi pengo ni tofauti kati ya tarakimu iliyoandikwa na ile iliyosomwa. Pengo letu ni 6. Jozi zenye tofauti ya 6 ni chache: 0 na 6, 1 na 7, 2 na 8, 3 na 9. Hakuna aliyepewa ekari 0, kwa hiyo jozi ya kwanza inaanguka. Iliyobaki yenye tarakimu zinazofanana kwa sura ni 1 na 7. Kama pengo lingekuwa 60, ningejua kosa liko kwenye makumi. Kama lingekuwa 9, au 18, au 27, ningeshuku kwamba mtu amegeuza tarakimu mbili, mfano 13 ikawa 31, kwa sababu ukigeuza tarakimu mbili zilizo jirani, tofauti daima hugawanyika kwa 9. Kwenye mizani ya chai tuliijua hiyo kama njia ya kumkamata karani mwenye usingizi.

Basi nilikuwa natafuta 1 ambayo kwa haki yake ni 7. Ukurasa ulikuwa na ekari moja tatu: namba 51, namba 56 na namba 58. Ile ya 58 ndiyo niliyoitilia shaka, lakini kushuku mahali penye doa si ushahidi, maana jicho hupenda kukimbilia kwenye doa.

Nikaenda kwa mwandiko. Kitu kizuri katika daftari lenye namba za mfululizo ni kwamba safu ya kwanza inakupa kielelezo cha mkono wa mwandishi ambacho hakina ubishi. Kati ya 46 na 48 lazima iwe 47, hata kama haionekani vizuri. Kwa hiyo nilikuwa na 7 mbili za hakika katika ukurasa ule ule, kwenye 47 na 57, na 1 moja ya hakika kwenye 51, na nyingine nyingi kwenye kurasa za nyuma. Nikaziangalia moja moja. Moja ya karani huyu ilianza na kamkia kadogo kanakopanda, kisha kijiti kinashuka wima, na mguu wake unasimama chini ya kichwa. Saba yake haikuwa na mkato katikati kama tunavyofundishwa siku hizi. Ilikuwa na mstari mfupi wa juu, kisha kijiti kinashuka kikiegemea, na mguu wake unaishia kushoto, umesogea mbali na kichwa. Ukifunika kichwa kwa karatasi na kubakiza kijiti tu, bado unaweza kuzitenganisha: moja imesimama, saba inalala.

Kijiti cha namba 51 kilisimama. Cha 56 kilisimama. Cha 58 kililala.

Nikalipeleka daftari dirishani, nikaliinua mpaka mwanga wa asubuhi ukawa unaugusa ukurasa kutoka ubavuni badala ya juu. Kalamu ya nibu hukwaruza karatasi hata ikiwa wino umeoshwa, na mkwaruzo huo hutupa kivuli chembamba mwanga ukija kwa chini. Nikaona mstari mfupi juu ya kijiti, ndani ya doa. Nilipiga picha kwa simu. Simu yangu si ya maana sana, ikabidi nipige mara kadhaa huku mjumbe mmoja wa halmashauri amenishikia tochi pembeni, lakini mwishowe picha moja ilionyesha kitu ambacho mtu mwingine angeweza kukiona bila mimi kumwelekeza kwa kidole.

Mjumbe yule, mzee wa watu mwenye nia njema, akaniambia, "Mwanangu, ipitishie peni basi, ionekane na kila mtu." Nikamwambia, "Hapana baba, nikiipitishia peni itakuwa saba yangu, si ya yule mzee." Alifikiri kidogo, akacheka. Lakini nikalifungia daftari kwenye kabati tangu siku hiyo, maana wenye nia njema na peni walikuwa wengi pale ofisini.

Kulikuwa na shahidi mwingine, na huyu sikumtegemea. Ile safu ya idadi ya watu iliyoachwa katika nakala ya pili. Namba 51 ilikuwa kaya ya watu 2. Namba 56 ilikuwa ya mtu mmoja, ajuza. Ekari moja moja zinawafaa. Namba 53, aliyepewa ekari 6, alikuwa na kaya ya watu 8. Na namba 58? Watu 10. Ukipita daftari zima unaona kwamba waliogawa ardhi walitazama midomo na mikono: wenye kaya kubwa walipata kubwa. Hakuna kaya nyingine ya zaidi ya watu 6 iliyopewa ekari moja. Aliyenakili daftari la pili, kwa kuacha safu aliyoiona ni ya kizamani, aliondoa kitu ambacho kingemshtua alipoandika ile 1.

Kuna jambo ambalo baadhi ya wajumbe waliling'ang'ania, nami sikukubaliana nalo. Walisema ukurasa wa tano unaanza na "kutoka nyuma 199", na 142 za kurasa tatu za mwanzo ukijumlisha na 57 unapata 199, kwa hiyo imethibitika. Haijathibitika chochote. Ile 199 imezaliwa na 57. Kama karani alikosea kupata 57, basi 199 nayo ni kosa lililobebwa. Namba inayotokana na nyingine haiwezi kuitolea ushahidi. Kilichothibitisha ni vitu ambavyo havikuzaana: mwandiko, mkwaruzo wa nibu, na idadi ya watu. Na baadaye ardhi yenyewe.

Sijasema namba 58 alikuwa nani. Jina lake siliandiki hapa. Alikwisha fariki, na aliyebaki ni binti yake, mama mtu mzima, mjane, analima kipande cha ekari moja kando ya barabara na vinyungu vidogo kule bondeni anakopata mboga wakati wa kiangazi. Miaka yote mama huyu alikuwa akisema kwamba shamba la baba yake lilifika kwenye jiwe la kijitoni. Miaka yote alifunguliwa daftari la pili, akasomewa ekari 1, akaambiwa aende nyumbani. Hata mimi kabla sijaingia masjala nilikuwa namsikia akisemwa kwamba ana tamaa. Ekari zile sita kijiji kilizihesabu kama ardhi ya akiba kwa sababu daftari halikuwa na mwenyewe, na miaka ya 2000, mbao zilipoanza kuwa na bei, halmashauri ya wakati huo ilimgawia mzee mwingine. Akapanda mipaina. Ilikuwa mipaina mizuri, imepogolewa, imefikia unene wa paja.

Siku ya kupima tulikwenda watu wengi kuliko inavyotakiwa. Mzee mmoja aliyekuwa kijana wa kubeba vigingi mwaka 1974 alitueleza namna walivyogawa: kila shamba lilianzia barabarani, upana wake hatua 70, na urefu hatua 70 kwa kila ekari. Hatua 70 kwa 70 ndiyo ekari ya huku kwetu mpaka leo, na si mbali na ukweli kama anayehesabu ni mtu mrefu. Ukipiga hatua ya yadi moja, karibu sentimita 91, unapata mraba wa mita 64 hivi kila upande, kidogo tu zaidi ya mita za mraba 4,047 ambazo ndizo ekari. Mimi hatua yangu ni fupi. Nikihesabu sabini zangu za sentimita 75, nakupa theluthi mbili ya ekari na wewe unaondoka unashukuru. Ndiyo maana tulichukua tepu ya mafundi ya mita 50 badala ya kubishana kuhusu miguu.

Kama namba 58 ni ekari 7, shamba linapaswa kuwa hatua 490 kwa 70. Mzee alituonyesha kisiki cha mlingoti wa mpaka pale barabarani, halafu akashuka mwenyewe, taratibu, katikati ya mipaina, mpaka ukingoni mwa kijito, akapiga fimbo kwenye jiwe lililokuwa limefunikwa na majani. "Hili hapa," akasema. "Tuliliviringisha watu watatu." Kutoka kisiki hadi jiwe tepu ilisoma mita 431, na upana, tulipopima sehemu kadhaa, ulizunguka kwenye mita 66. Zidisha, upate mita za mraba 28,446, gawa kwa 4,047. Ekari 7, na kijisehemu. Mama yule alikuwa amesimama barabarani na khanga yake, hakushuka na sisi. Mwenyekiti alipopanda kumweleza, alijibu tu, "Kamwene, mwenyekiti," kama vile ndiyo kwanza wanakutana siku ile. Nadhani alikuwa na mengine ya kusema akayameza.

Ningependa kusimulia kwamba akarudishiwa ekari sita jioni ile. Watu huwa wanasubiri nifike hapo. Daftari si hati. Linaonyesha nani aligawiwa nini mwaka 1974, halisemi nani ana haki leo. Mzee wa mipaina hakuiba kitu. Alikuwa na muhtasari wa kikao kilichomgawia, una mhuri, na alikuwa amekaa pale wazi wazi kwa zaidi ya miaka 12 bila mtu kumfikisha popote kwa maandishi. Na miaka 12 ndiyo muda ambao sheria ya ukomo inampa mtu kudai ardhi mahakamani. Mwanasheria wa msaada aliyepita kijijini alimwambia mama waziwazi kwamba akipeleka kesi mbele, anaweza kuishindwa hata kama kila mtu anakubali kwamba tarakimu ilikuwa 7. Mama aliuliza kama miaka aliyokuwa akija ofisini kulalamika haihesabiki. Akaulizwa kama ilikuwa inaandikwa. Haikuwa inaandikwa. Kila karani alimsikiliza, akamsomea ekari 1, akafunga daftari. Katika kisa chote hiki, hilo ndilo lililoniuma kuliko lile doa la maji.

Likaenda Baraza la Ardhi la Kijiji. Baraza lina watu saba, wanawake wasiopungua watatu, na kazi yake ni kusuluhisha. Haliwezi kumlazimisha mtu asiyetaka. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea mzee wa mipaina, naye vikao vya kwanza alikuja amefura. "Mimi kijiji ndicho kilinipa. Kama kijiji kilisoma vibaya, kijiji kilipe." Kisheria alikuwa na hoja, na hata kwa ubinadamu. Kilichomlegeza, kwa maoni yangu, ni ile picha ya simu. Aliomba aione, akaomba na daftari lenyewe, nikamshikia dirishani. Yeye ni fundi mbao. Alikitazama kile kijiti, akaangalia na saba za 47 na 57, akalaza mkono wake kufuata mwelekeo wao. Akasema, "Huyu mzee alikuwa anaegemeza." Hakuongeza neno.

Walikubaliana hivi, mbele ya baraza, kwa maandishi na madole gumba. Mipaina ni mali ya aliyepanda, itabaki mpaka avune, na asipande tena sehemu inayorudi. Akivuna, ekari nne upande wa barabara zinarudi kwa mama, kuungana na ile moja yake. Ekari mbili za kijitoni zinabaki kwa mzee, na kijiji kinamfidia nne alizoachia kwa eneo jingine la akiba, ambalo, niseme ukweli, lina mawe. Mama alitaka jiwe la baba yake lihesabike upande wake, hata kama ardhi inayolizunguka si yake. Sijui wapimaji waliandikaje hilo. Mimi kwenye muhtasari niliandika kama alivyosema.

Katika daftari la tatu, namba 58 imeandikwa 7. Pembeni kuna maelezo mafupi: daftari la pili linasomeka 1, tazama daftari la kwanza ukurasa wa 4, tazama picha kwenye jalada. Mtendaji aliona maelezo hayo yanachafua ukurasa. Nikamwambia atakayekuja baada yangu akikuta madaftari mawili yanapingana bila maelezo, atachagua lile safi. Na wakati huo safi litakuwa langu.

Kurasa zilizobaki zilikwenda vizuri, isipokuwa wa tisa. Pale pengo lilikuwa 10 kamili, na kwa muda niliamini nimepata mwingine. Lakini tarakimu zote zilikuwa zinasomeka, madaftari yote mawili yalikubaliana mstari kwa mstari, na hakuna jozi ya tarakimu moja yenye tofauti ya 10. Kilichotokea ni kwamba karani wa 1974 alipojumlisha alisahau kubeba kumi moja. Basi. Mzee wa watu alikuwa amechoka siku hiyo, tarakimu zake zilikuwa zimekwisha kuwa ndogo. Hapakuwa na shamba lililopotea. Nikaacha jumla yake kama alivyoiandika, nikaweka yangu pembeni.

Habari zilipoenea, watu walianza kuja masjala kuulizia tarakimu zao. Wengi walikuwa na ekari 1 wakaona huenda na zao ni 7. Kuna baba mmoja wa kitongoji cha juu, ekari 4 katika madaftari yote, alishikilia kwamba 4 ile ni 9 iliyofunguka juu. Nikamwonyesha nne nyingine na tisa nyingine za mkono ule ule. Nikamwonyesha idadi ya watu wa kaya yao. Nikaujumlisha ukurasa wao mbele ya macho yake, ukatoka sawasawa na jumla ya chini. Akavuta benchi, akakaa, akaniambia nijumlishe tena.